Kuhara kusikokoma kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali: namna ya kumlisha hadi utumbo upone

Mtoto mwenye utapiamlo mkali anayehara kwa siku 14 au zaidi huwaweka wahudumu njia panda. Ukimlisha, anahara. Ukiacha kumlisha ili utumbo "upumzike", anazidi kukonda, na utumbo wenyewe unazidi kuharibika, kwa sababu ukuta wa utumbo hujengwa na chakula kinachopita ndani yake. Mwongozo huu ni kwa nesi, tabibu au ofisa lishe anayemhudumia mtoto huyo wodini. Nimeuelekeza kwenye uamuzi mmoja unaokosewa sana: ni lini uendelee na maziwa ya tiba kama yalivyo, na ni lini ubadilishe mlo.

Utumbo umepatwa na nini

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vinyweleo vidogo sana, kama nyuzi za taulo. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoupa utumbo eneo kubwa la kufyonzea chakula. Mtoto anayeishi mahali penye kinyesi cha watu na cha wanyama, akatambaa hapo, akatia mikono mdomoni na kunywa maji machafu, humeza vijidudu kila siku. Si lazima vimfanye augue. Ila kinga ya mwili huvijibu siku zote, na jibu hilo lisilokoma hufupisha vinyweleo, hujaza ukuta wa utumbo chembe za kinga na kulegeza maungio ya seli. Hali hiyo ndiyo huitwa enteropathi ya mazingira. Kwa nje huoni kitu. Mtoto anaweza kuwa nayo bila kuhara hata siku moja, akaonekana tu mfupi kuliko umri wake.

Tunajua kwamba chanzo ni mazingira, si asili ya mtu. Miaka ya 1960 vijana wa Marekani waliokwenda kujitolea Pakistani walifanyiwa vipimo vya utumbo, na utumbo wao ukakutwa na mabadiliko ya aina hii. Wageni wa namna hiyo wanaporudi kwenye mazingira safi, utumbo huelekea kupona taratibu. Mtoto uliye naye wodini hana kwingine pa kwenda, na hilo tutalirudia mwishoni.

Utapiamlo mkali unapoukuta utumbo wa aina hiyo, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Kwanza, ufyonzaji hupungua, hivyo chakula kingi hupita bila kutumika. Pili, ukuta unavuja, bakteria na sumu zao hupenya kuingia kwenye damu, na kwa sababu hiyo mtoto wa aina hii anaweza kuwa na maambukizi makali ilhali hana homa. Tatu, kimeng'enya cha laktezi, kinachosaga sukari ya maziwa, hukaa kwenye ncha za vinyweleo. Ncha zikipotea, laktezi huwa ya kwanza kupungua na ya mwisho kurudi. Laktosi isiyosagwa huvuta maji ndani ya utumbo, kisha bakteria wa utumbo mpana huichachusha na kuifanya tindikali na gesi. Hapo ndipo unapata choo cha maji, chenye povu na harufu ya uchachu, kinachochubua matako.

Mahali pengine laktezi hupimwa moja kwa moja, na uvujaji hupimwa kwa kumnywesha mtoto laktulosi na manitoli kisha kukusanya mkojo. Wodi nyingi hazina vipimo hivyo, na kwa kumtibu mtoto huyu huvihitaji. Unahitaji mizani nzuri, chati ya choo iliyojazwa kwa ukweli, na karatasi ya kupima pH.

Hatua ya 1: Historia, kabla ya dawa

Muulize mama mambo matatu, na umpe nafasi ya kujibu. "Mama, siku ya kwanza aliyohara ni lini, na katikati aliwahi kukaa siku mbili bila kuhara?" Kuhara kulikokatika kwa siku mbili au zaidi kisha kukarudi ni ugonjwa mpya, si kuhara kwa muda mrefu. "Tangu aanze kuhara amekuwa akila nini?" Mara nyingi utakuta amepewa uji mwepesi mtupu kwa wiki mbili, kwa sababu aliambiwa vyakula vingine vinamharisha. "Bado ananyonya?" Kama aliachishwa kwa sababu ya kuhara, mrejeshe leo hii. Maziwa ya mama yana laktosi, lakini watoto wengi wenye utumbo ulioharibika huyavumilia, na hakuna kitu utakachompa badala yake chenye kinga ile.

Kisha tafuta maambukizi yaliyo nje ya utumbo: masikio, kifua, mkojo, ngozi, kinywa. Pima VVU na ufikirie kifua kikuu tangu siku ya kwanza. Angalia choo kwa macho. Damu ndani ya choo inatibiwa kama shigela. Kama maabara inaona giardia au amiba, tibu kwa metronidazoli kwa dozi ya mwongozo wa nchi yako. Dawa za kufunga choo, kama loperamaidi, hazina nafasi kabisa kwa mtoto huyu.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa kwa ajili ya matatizo hupewa antibayotiki hata bila homa, kwa sababu ya ule uvujaji nilioueleza. Kwa kawaida ni ampisilini au penisilini pamoja na jentamaisini. Kozi hiyo ni kwa ajili ya damu, si kwa ajili ya kuhara. Ikiisha na mtoto bado anahara, usimwanzishie antibayotiki nyingine kwa sababu ya choo peke yake. Antibayotiki zenyewe huharisha, na kila kozi isiyo na sababu inaahirisha kupona kwa utumbo.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, kwa hesabu

Tuchukue mtoto mmoja wa mfano na tumfuate hadi mwisho. Ni msichana wa miezi 14, ana kilo 6.0 na urefu wa sentimita 70. Utepe wa MUAC, unaopima mzunguko wa mkono, unasoma milimita 108. Kwa chati ya WHO yuko chini ya -3 kwa uzito kwa urefu, na mkono wake uko chini ya milimita 115. Hana uvimbe wa miguu. Ameharisha siku 19, choo cha maji mara nane kwa siku. Yuko macho lakini mnyonge, na macho yake yameingia ndani.

Macho yaliyoingia na ngozi inayochelewa kurudi ukiifinya ni ishara zinazodanganya kwa mtoto aliyekonda, kwa kuwa mafuta ya chini ya ngozi yameisha. Mwulize mama kama macho yameingia tangu alipoanza kuhara au yako hivyo siku zote. Ukiwa na shaka na choo ni cha maji, mchukulie kuwa amepungukiwa maji kiasi, umpe ReSoMal, maji maalumu ya chumvi na sukari kwa watoto wenye utapiamlo, kwa mdomo au kwa mpira wa puani. Dripu ni kwa mtoto aliye kwenye mshtuko tu. Moyo wa mtoto huyu hauwezi kubeba maji mengi yanayoingia kwa kasi. (Kama unashuku kipindupindu, tumia ORS ya kawaida badala ya ReSoMal, maana chumvi anayopoteza ni nyingi mno.)

Pima sukari ya damu kwanza. Ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, au kama huna kipimo, mpe mililita 50 za glukosi ya asilimia 10 kwa mdomo. Mfunike, akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi.

ReSoMal ni mililita 5 kwa kila kilo kila nusu saa kwa saa mbili za kwanza. Kwa kilo 6.0 ni mililita 30, mara nne. Baada ya hapo ni mililita 5 hadi 10 kwa kilo kwa saa, saa moja ReSoMal na saa inayofuata F-75, maziwa ya tiba ya kuanzia, kwa muda usiozidi saa 10. Kabla ya kila dozi hesabu mapigo na pumzi. Mapigo yakipanda kwa 25 na pumzi kwa 5 kwa dakika, simamisha ReSoMal uangalie upya. Hiyo ni dalili ya maji kuzidi, na huja kabla ya uvimbe wa macho. Akisharudishiwa maji yaliyopungua, mpe mililita 50 hadi 100 kila anapopata choo cha maji.

F-75 ni mililita 130 kwa kilo kwa siku. Kwa msichana huyu ni mililita 780, yaani mililita 65 kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mlo wa saa nane usiku ndio unaorukwa mara nyingi, na ndio unaozuia sukari kushuka alfajiri. Akishindwa kumaliza asilimia 80 ya maziwa kwa milo miwili au mitatu mfululizo, weka mpira wa puani. Usimbembeleze kwa kijiko mpaka asubuhi huku hesabu ikikudanganya.

Jioni ya siku ya kwanza maji yaliyopungua yamerudi na anapima kilo 6.2. Andika uzito huu kwa alama ya pekee. Ongezeko la gramu 200 ni maji, si nyama. Maendeleo yake yote yatalinganishwa na 6.2, si 6.0. Nimeona chati nyingi zikisifu "ongezeko zuri" la siku ya kwanza, kisha zikishangaa kwa nini mtoto "amesimama" wiki nzima.

Hatua ya 3: Siku ya 2 hadi ya 4, usibadilishe chochote kwa haraka

Hapa ndipo shinikizo linapoanza. Choo kimetoka mara nane hadi sita tu. Mama anasema, "Nesi, haya maziwa ndiyo yanayomharisha." Mwenzako wa zamu anapendekeza maziwa yasiyo na laktosi.

Fanya hesabu kwanza. F-75 ya mapishi ya WHO ina karibu gramu 1.3 za laktosi kwa kila mililita 100. Kwa mililita 780 mtoto anapata gramu 10 hivi kwa siku, ambazo ni gramu 1.7 kwa kilo. Kikomo kinachotumika kwenye mlo wa laktosi kidogo kwa watoto wanaohara kwa muda mrefu ni gramu 3.7 kwa kilo kwa siku. Kwa hiyo F-75 yenyewe tayari ni mlo wa laktosi kidogo. Kuiacha kwa sababu ya laktosi katika siku hizi ni kubadilisha kitu ambacho hakijakosea.

Kuna mtoto mmoja mmoja anayeharishwa na F-75 kwa sababu nyingine: sukari nyingi iliyomo inavuta maji. Utamjua kwa sababu choo huongezeka sana punde tu anapoanza F-75, na hupungua ukiibadilisha. Dawa yake ni F-75 ya unga wa nafaka, ambamo sehemu ya sukari imebadilishwa kwa unga uliopikwa. Lita moja huchukua gramu 25 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 70 za sukari, gramu 35 za unga wa nafaka, gramu 27 za mafuta ya kupikia, na mchanganyiko wa madini na vitamini. Chemsha kwa dakika nne, kisha ujaze maji yaliyochemshwa hadi lita moja. Ongeza vitamini wakati umepoa.

Kitu unachokiangalia siku hizi si idadi ya choo peke yake. Angalia kama ana ari ya kula, kama uzito umetulia, na kama dalili za kukaukiwa hazijarudi. Choo mara tano kwa siku kwa mtoto mwenye hamu ya kula na uzito uliotulia si kushindwa. Utumbo unapona polepole kuliko hamu ya kula.

Usimpe madini ya chuma katika kipindi hiki. Zinki, potasiamu na magnesiamu zimo tayari kwenye F-75 iliyotengenezwa kwa viwango vya WHO, kwa hiyo vidonge vya zinki vya kuhara havihitajiki juu yake.

Hatua ya 4: Mpito, mahali penye hatari

Siku ya 5 msichana wetu analia akiona kikombe kinachelewa. Ana kilo 6.2. Anahamishiwa F-100, maziwa ya tiba yenye nguvu zaidi, kwa kiasi kilekile cha maziwa, mililita 100 kila saa tatu, kwa siku mbili. Mwongozo unasema hivyo na ni sahihi, kwa sababu kuongeza nguvu na kiasi kwa mpigo mmoja kunaweza kuulemea moyo na kuvuruga chumvi za damu.

Lakini rudia ile hesabu ya laktosi. F-100 ina karibu gramu 4.2 kwa mililita 100. Mililita 800 ni gramu 33 na ushei, ambazo ni gramu 5.4 kwa kilo kwa siku. Kiasi cha maziwa hakijabadilika, ila laktosi imeongezeka zaidi ya mara tatu kwa usiku mmoja na kuvuka kile kikomo cha 3.7. Watoto wengi hupita bila shida. Aliyeingia na kuhara kwa muda mrefu ndiye anayeweza kukwama hapa, na kwa sababu kila mtu alishazoea kwamba "anahara tu", hakuna anayegundua mapema.

Siku ya 6 msichana amepata choo mara 12. Kina povu, kinanuka uchachu, kinatoka kwa nguvu saa moja baada ya kunywa. Ngozi ya matakoni imekuwa nyekundu na kuchubuka. Tumbo limejaa gesi. Uzito umeshuka hadi kilo 6.05, na mdomo umekauka.

Hapo sasa ni kushindwa kwa mlo. Lakini kabla ya kuyalaumu maziwa, pitia mambo matatu kwa mpangilio huu, kwa kuwa mawili ya kwanza ni mengi kuliko tunavyokiri.

La kwanza ni utengenezaji. Simama karibu na anayechanganya maziwa, uangalie kwa macho yako. Je, kipimo cha unga kimesawazishwa au kimefurika? Maji yamepimwa kwa jagi lenye alama au kwa kikombe cha kukisia? F-100 iliyopungukiwa maji huharisha mtoto yeyote. Uliza pia maziwa yalikaa nje kwa muda gani baada ya kuchanganywa. Yasizidi saa mbili kama hakuna friji.

La pili ni maambukizi mapya. Angalia masikio, hesabu pumzi, pima mkojo, tazama mahali palipochomwa sindano ya dripu, na uulize kama mtoto wa kitanda cha jirani ameanza kuhara.

La tatu ndilo laktosi. Chukua sehemu ya maji ya choo kibichi. Tandika karatasi ya plastiki chini ya mtoto, maana nepi hufyonza maji unayoyataka. Pima pH mara moja. Chini ya 5.5 inaelekeza kwenye sukari isiyofyonzwa. Kama maabara ina kitendanishi cha Benedikti, sukari zaidi ya asilimia 0.5 inatia nguvu jibu hilo. Choo kilichokaa saa mbili kwenye chupa hakifai, kwa kuwa bakteria wanaendelea kuchachusha hata humo.

Kwa msichana wetu maziwa yalichanganywa sawa, masikio ni safi, mkojo ni safi, na pH ni 5.0. Sasa unaweza kusema ni laktosi.

Hatua ya 5: Kubadilisha mlo

Mrudishe kwenye F-75 siku hiyohiyo, ya nafaka ukiweza, mililita 100 kila saa tatu, pamoja na ReSoMal baada ya kila choo. Anaendelea kunyonya. Usimnyime chakula hata mlo mmoja. Choo cha msichana wetu kilishuka hadi sita, kisha nne kwa siku mbili. Siku ya 8 ana kilo 6.1.

Lakini F-75 haimkuzi, na hawezi kukaa nayo. Anahitaji mlo wenye nguvu usiorudisha laktosi juu ya kikomo. Mlo wa kwanza wa WHO kwa kuhara kwa muda mrefu ni mchanganyiko wa wali na maziwa kidogo. Kwa mililita 200:

- maziwa ya unga yenye mafuta gramu 11 (au maziwa freshi mililita 85)
- mchele gramu 15
- mafuta ya kupikia gramu 3.5
- sukari gramu 3
- maji hadi kufika mililita 200

Pika mchele hadi ulainike kabisa, uponde, kisha utie vilivyobaki. Unatoa kilokalori 83 hivi kwa kila gramu 100, na laktosi yake ni gramu 2 na kidogo kwa kila mililita 100. Lengo ni kilokalori 110 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 6.1 ni kilokalori 671, ambazo ni karibu mililita 810 kwa siku: milo sita ya mililita 135. Laktosi inabaki chini ya gramu 3 kwa kilo. Kama mtindi unapatikana, unaweza kuchukua nafasi ya maziwa hayo, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi.

Kuna jambo linalosahaulika hapa na linaloua. Ulipoacha F-75, uliacha pia potasiamu, magnesiamu, zinki, shaba na vitamini zilizokuwa ndani yake. Wali na maziwa havina vya kutosha. Ongeza mchanganyiko wa madini na vitamini kwenye sufuria. Kama haupo, mpe zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, potasiamu milimoli 3 hadi 4 kwa kilo kwa siku, na vitamini kwa kiasi cha angalau mara mbili ya mahitaji ya kawaida kwa wiki mbili. Mtoto anayelegea shingo, tumbo likajaa na kunyamaza siku ya tatu ya mlo mpya, mtafutie upungufu wa potasiamu kabla ya kingine chochote.

Mpe mlo huu siku saba, isipokuwa ameonyesha kushindwa waziwazi mapema: choo cha maji zaidi ya mara 10 kwa siku pamoja na dalili za kukaukiwa. Kufaulu ni uzito kupanda kwa siku tatu mfululizo, chakula kinamalizika, na hakuna homa. Siku ya 15 msichana ana kilo 6.4. Ni gramu 300 kwa siku saba, sawa na gramu 7 kwa kilo kwa siku. Ni ongezeko la wastani, na kwa mlo wa kilokalori 110 ni zuri. Choo ni mara tatu, laini.

Kama asingeongezeka baada ya siku saba, angehamia mlo wa pili usio na laktosi kabisa na wenye wanga kidogo: yai zima gramu 64, mchele gramu 3, mafuta gramu 4, glukosi gramu 3, maji hadi mililita 200, vyote vimepikwa vikaiva. Kuku aliyepikwa na kupondwa, gramu 12, anaweza kuchukua nafasi ya yai. Mlo huo nao ukishindwa kwa siku saba, tatizo si mapishi tena. Rudia kipimo cha VVU kwa njia inayofaa umri wake, tafuta kifua kikuu kwa bidii, uliza maabara kuhusu kriptosporidia, ambayo kipimo cha kawaida cha choo hakiioni, na umpeleke kwenye hospitali yenye maziwa maalumu yaliyosagwa protini.

Hatua ya 6: Kurudi kwenye chakula cha kukuza

Laktezi hurudi kadiri vinyweleo vinavyoota. Mimi hupendelea kuurudisha mlo wa tiba kidogo kidogo: siku ya kwanza mlo mmoja kati ya sita, kesho yake miwili, huku naangalia choo na uzito. Kwa mtoto wa aina hii napenda RUTF, chakula cha tiba kilicho tayari kuliwa, kuliko F-100, kwa sababu RUTF ya kawaida ina laktosi pungufu kwa kila kalori na haichanganywi na maji, kwa hiyo yale makosa ya jikoni hayapo. Awe na maji safi ya kunywa karibu wakati wote anapoila. Chuma kimo ndani ya RUTF, kwa hiyo usiongeze kingine.

Siku ya 19 msichana anakula RUTF peke yake pamoja na kunyonya, zaidi ya pakiti mbili za gramu 92 kwa siku, yaani zaidi ya kilokalori 150 kwa kilo. Ana kilo 6.7. Kutoka 6.4 ni gramu 300 kwa siku nne, karibu gramu 12 kwa kilo kwa siku. Zaidi ya 10 ni ukuaji mzuri. Chini ya 5 ingekuwa ishara ya kurudi nyuma na kutafuta maambukizi au chakula kinachoishia mahali pengine. Bado hajafika uzito wa kutoka kwenye mpango, lakini anaweza kwenda nyumbani na kufuatiliwa kila wiki hadi uzito kwa urefu ufike -2 au mkono ufike milimita 125.

Nyumbani, na mipaka ya tunachoweza

Nirudi kwenye mazingira. Majaribio makubwa mawili, WASH Benefits nchini Bangladesh na Kenya, na SHINE nchini Zimbabwe, yaliwapa familia vyoo bora, sabuni na klorini ya maji. Matokeo yalitoka mwaka 2018 na 2019: watoto hawakurefuka zaidi. Kuhara kulipungua Bangladesh, si Kenya wala Zimbabwe. Usafi bado una maana, lakini kiwango cha uchafu kilichobaki kilitosha kuendelea kuuumiza utumbo. Kwa hiyo usimwambie mama kwamba akinawa mikono tu mtoto atarefuka, wala usimlaumu mama huyo mtoto asiporefuka. Si haki kwake.

Mwambie yanayowezekana na yenye sababu. Mtoto anayetambaa awekwe juu ya mkeka au kitambaa kinachofuliwa, mbali na mahali kuku na mbuzi wanapolala, kwa sababu udongo na kinyesi cha wanyama huingia mdomoni moja kwa moja. Kinyesi cha mtoto mwenyewe kizikwe au kitupwe chooni, si uani. Chakula kipikwe na kuliwa, kisibaki cha asubuhi kikaliwa jioni bila kuchemshwa upya. Anyonye hadi miaka miwili au zaidi.

Kwenye kliniki ya ufuatiliaji, pima urefu pamoja na uzito. Uzito unaopanda huku urefu umesimama kwa miezi ni sura ya kawaida ya enteropathi inayoendelea, na RUTF zaidi haitairekebisha. Uzito unaosimama wakati chakula kinaliwa kweli ni jambo jingine: mtafutie kifua kikuu, VVU na giardia tena. Na akihara siku tatu mfululizo, arudi mapema hata kama tarehe ya kliniki haijafika. Mama aelezwe hilo kabla hajatoka wodini, na aonyeshwe kwa mkono wake namna ya kuchanganya ORS.